Matriki Zisizo na Kivuli

Zidisha 47 kwa 36. Kabla hujaufikia mwisho wa hesabu, tayari unajua kuwa jibu litaishia na 2, kwa sababu 7 mara 6 ni 42. Jibu lenyewe ni 1692. Vivyo hivyo kwenye kujumlisha: 47 na 36 ni 83, na hiyo 3 ya mwisho ungeipata kwa kujumlisha 7 na 6 peke yake. Tarakimu ya mwisho ni kama kivuli cha namba nzima. Mengi yamepotea ndani yake, maana 7 haikuambii kama namba ni 47 au 1,007, lakini kilichobaki kinafuata hesabu bila kukosea. Ukijumlisha namba, vivuli vyake hujumlishwa. Ukizizidisha, vivuli huzidishwa.

Swali ninalotaka kulifuata hapa ni hili: je, matriki nazo zina kivuli? Yaani, lipo jambo dogo kuliko matriki nzima ambalo tunaweza kulibakiza, tukalitupa lililobaki, na bado kujumlisha na kuzidisha kukaenda sawa? Jibu ni hapana, mradi namba zilizomo ndani ya matriki zinaruhusu kugawanya. Uthibitisho wake ni mfupi kiasi kwamba msomaji anayekumbuka kuzidisha matriki za mbili kwa mbili anaweza kuufanya mwenyewe kwenye karatasi.

Tuanze na kile kinachotupwa. Tunapobakiza tarakimu ya mwisho tu, namba ambazo kivuli chake ni sifuri ni 0, 10, 20, 30 na kuendelea, pamoja na hasi zake. Kundi hili la mafungu ya kumi lina tabia mbili. Ya kwanza, ukijumlisha wawili wa humo, au ukimtoa mmoja kwa mwenzake, unabaki humo humo. Ya pili ina nguvu zaidi: ukimchukua mmoja wa humo ukamzidisha kwa namba kamili yoyote ile, hata ya nje ya kundi, jibu linarudi ndani. 30 mara 7 ni 210, fungu la kumi. Kundi lenye tabia hizi mbili wanahisabati huliita ideali. Aliyeliingiza jina hilo katika hisabati ni Mjerumani Richard Dedekind, mwaka 1871, alipokuwa akiendeleza kazi ya mwenzake Ernst Kummer juu ya kugawanyika kwa namba.

Kivuli na ideali hutembea pamoja. Kila kivuli kina ideali yake, ambayo ni kundi la vitu vilivyogeuka sifuri. Na kila ideali inazaa kivuli, kwa kuhesabu vitu viwili kuwa kimoja pale tofauti yao inapoangukia ndani ya ideali. Kwa hiyo kuuliza kama matriki zina kivuli ni sawa na kuuliza kama kuna ideali katikati ya zile mbili ambazo hazikosekani popote: ile yenye sifuri peke yake, ambayo haitupi kitu, na ile iliyobeba kila kitu, ambayo haibakizi kitu. Mfumo wa kujumlisha na kuzidisha huitwa ringi, na ringi isiyo na ideali yoyote katikati ya hizo mbili huitwa ringi sahili.

Sasa matriki. Nitakaa na za mbili kwa mbili, zenye namba wiano ndani yake, yaani namba kamili pamoja na sehemu zote kama ½ na ⅔. Namba hizi zina sifa moja tutakayoihitaji: kila namba isiyo sifuri ina mwenzake ambaye ukiwazidisha unapata 1. Mwenzake 3 ni ⅓. Mfumo wa namba wenye sifa hiyo, na ambao mpangilio wa kuzidisha haujalishi, huitwa uga. Namba wiano ni uga, na namba halisi pia. Namba kamili peke yake si uga, kwa kuwa ½ haimo.

Kwenye namba, 3 mara 5 na 5 mara 3 ni kitu kimoja. Kwenye matriki sivyo, na hapo ndipo ideali zinapogawanyika. Tazama matriki hizi mbili:

```
M =  3  0        B =  1  2
     5  0             4  1
```

Safuwima ya pili ya M ni sifuri tupu. Ukimweka B kushoto na kuzidisha, B × M, unapata safumlalo ya kwanza 13 na 0, na ya pili 17 na 0. Safuwima ya pili imebaki sifuri, na ingebaki hivyo kwa matriki yoyote ile ambayo ungeiweka kushoto. Kundi la matriki zote ambazo safuwima yake ya pili ni sifuri ni ideali, lakini ya kushoto tu. Mweke B kulia, M × B, na mambo yanageuka:

```
B × M =  13  0        M × B =  3   6
         17  0                 5  10
```

Tumetoka nje ya kundi. Kundi la matriki ambazo safumlalo yake ya pili ni sifuri lina tabia iliyopinduka: linavumilia kuzidishwa kutoka kulia, na linavunjika likizidishwa kutoka kushoto.

Kivuli hakiridhiki na upande mmoja. Chukua matriki X, na nyingine X + Z yenye kivuli kile kile kwa sababu Z ni miongoni mwa vilivyotupwa. Tukizidisha kwa Y upande wa kulia tunapata XY + ZY, na upande wa kushoto YX + YZ. Ili vivuli vibaki sawa katika hali zote mbili, ZY na YZ lazima zote zitupwe. Ndiyo maana kinachotafutwa ni ideali ya pande mbili, inayopokea kuzidishwa kutoka kushoto na kutoka kulia. Za upande mmoja ziko tele katika matriki. Za pande mbili ndizo zenye habari.

Kabla ya uthibitisho, kuna watahiniwa wawili wanaostahili kusikilizwa, kwa sababu kila aliyesoma matriki sekondari angewataja. Wa kwanza ni ditaminanti. Kwa matriki yenye a na b juu, c na d chini, ditaminanti ni ad − bc, na ina sifa maarufu: ditaminanti ya zao ni zao la ditaminanti. Inaelekea kuwa kivuli kizuri. Vitakavyotupwa ni matriki zenye ditaminanti sifuri, zile zisizo na kinyume. Kundi hili linapita mtihani mgumu bila shida: zidisha matriki isiyo na kinyume kwa matriki yoyote, kushoto au kulia, na zao litabaki bila kinyume. Linaanguka kwenye mtihani mwepesi. Tazama:

```
1  0     0  0     1  0
0  0  +  0  1  =  0  1
```

Mbili za kushoto zina ditaminanti sifuri, na jumla yao ni matriki ya utambulisho, ile inayofanya kazi ya 1 katika kuzidisha, ambayo ditaminanti yake ni 1. Kwa hiyo ditaminanti inafuata kuzidisha na kusaliti kujumlisha.

Mtahiniwa wa pili ni jumla ya ulalo, a + d. Huyu ni kinyume cha mwenzake. Anafuata kujumlisha kwa uaminifu, na anaanguka kwenye kuzidisha. Matriki yenye 1 kwenye kona ya juu kulia na sifuri kwingine kote ina jumla ya ulalo sifuri. Ile yenye 1 kwenye kona ya chini kushoto pia. Lakini ukizizidisha unapata matriki yenye 1 kwenye ulalo, na jumla yake ni 1.

Kushindwa kwa ditaminanti kunafundisha zaidi, na ndiko kunakotupa ufunguo. Kila matriki ina cheo, ambacho kwa mbili kwa mbili kinaweza kuwa 0, 1 au 2. Matriki ya sifuri ina cheo 0. Matriki ambayo safumlalo zake ni mafungu ya safumlalo moja ina cheo 1. Matriki yenye kinyume ina cheo 2. Kuzidisha hakupandishi cheo hata siku moja: matriki ya cheo 1 ukiizidisha kwa chochote utapata cheo 1 au 0. Kujumlisha ndiko kunakoweza kupandisha, kama tulivyoona hapo juu, ambapo 1 na 1 za cheo zimetoa cheo 2. Ideali ya pande mbili inaruhusu yote mawili, kuzidisha na kujumlisha, na ndipo inapojikuta haiwezi kubaki ndogo. Kuzidisha kutoka pande mbili kunakata kipande na kukihamisha popote. Kujumlisha kunavikusanya vipande.

Tulifanye kwa mfano. Chukua matriki hii:

```
A =  2  6
     1  3
```

Nimeichagua makusudi iwe dhaifu. Safumlalo ya kwanza ni mara mbili ya ile ya pili, ditaminanti ni 6 − 6, yaani sifuri, na haina kinyume. Sasa tuseme kuna ideali ya pande mbili ambayo A imo ndani yake. Hatujui kitu kingine chochote kuihusu. Tutaonyesha kuwa matriki zote zimo humo.

Vifaa tunavyohitaji ni matriki nne za msingi, kila moja ikiwa na 1 mahali pamoja na sifuri mahali pengine pote. E11 ina 1 kwenye safumlalo ya 1 na safuwima ya 1; E12 kwenye safumlalo ya 1 na safuwima ya 2; na vivyo hivyo E21 na E22.

Weka E11 kushoto mwa A. Kinachotokea ni kwamba safumlalo ya kwanza inabaki na ya pili inafutwa: 2 na 6 juu, sifuri chini. Kisha weka E11 kulia mwa jibu hilo. Safari hii safuwima ya kwanza ndiyo inayobaki na ya pili inafutwa:

```
E11 × A × E11 =  2  0
                 0  0
```

Tumekata pande zote mbili, tukaichomoa ile 2 peke yake. Matriki hii imo ndani ya ideali, kwa sababu tumemzidisha A kushoto na kulia tu, na ideali inavumilia hayo.

Hatua inayofuata ndiyo pekee ambayo uga unahitajika. Namba 2 si sifuri, basi ½ ipo. Tunazidisha kwa matriki yenye ½ na ½ kwenye ulalo, ambayo nayo ni mwanachama halali wa ringi yetu, na 2 inageuka 1. Sasa E11 yenyewe imo ndani ya ideali.

Kisha tunahamisha. Weka E21 kushoto mwa E11: ile 1 inashuka kutoka safumlalo ya kwanza hadi ya pili, tunapata E21. Weka E12 kulia: ile 1 inasogea kutoka safuwima ya kwanza hadi ya pili, tunapata E22. Kwa kifupi,

```
E21 × E11 × E12 = E22
```

E22 nayo imo ndani. Na kwa kuwa ideali inaruhusu kujumlisha, E11 + E22 imo, nayo ndiyo matriki ya utambulisho. Mara tu utambulisho unapoingia, mlango umefunguka kwa wote, maana matriki yoyote X ni X mara utambulisho, na ideali inapokea kila zao la namna hiyo. Ideali iliyoanza na A peke yake, matriki isiyo na hata kinyume, imemeza ringi nzima.

Hakuna kilichotegemea A kuwa na 2 kwenye kona ya juu kushoto. Kama kona hiyo ingekuwa sifuri, tungechagua namba nyingine. Matriki isiyo sifuri lazima iwe na angalau namba moja isiyo sifuri mahali fulani, na hiyo moja inatosha. Kwa matriki za ukubwa wowote, n kwa n, kanuni inaandikwa hivi:

```
E_ij × A × E_kl = a_jk × E_il
```

Maana yake ni kwamba namba iliyoko kwenye safumlalo ya j na safuwima ya k ya A inachomolewa na kupelekwa kwenye safumlalo ya i na safuwima ya l, mahali popote tunapotaka. Chagua j na k ambapo A haina sifuri, gawanya kwa namba hiyo, ipeleke kila mahali pa ulalo kwa zamu, jumlisha zote n, na utambulisho umeshapatikana. Ninachokipenda katika uthibitisho huu ni kwamba ukubwa wa matriki haubadilishi kitu. Matriki ya elfu moja kwa elfu moja yenye namba moja tu isiyo sifuri, imejificha kati ya sifuri 999,999, inaangusha ideali kwa hatua zile zile.

Turudi kwenye ile ½. Tukikaa na matriki za namba kamili tu, hatua hiyo haipo, na hadithi inabadilika. Kundi la matriki ambazo namba zake zote ni shufwa ni ideali kamili ya pande mbili: jumla ya shufwa ni shufwa, na shufwa mara chochote ni shufwa. Ukianza na matriki yenye 2, 6, 4 na 8, unaweza kukata, kuhamisha na kukusanya upendavyo. Utafika kwenye matriki yenye 2 na 2 kwenye ulalo na utakwama hapo. Utambulisho hauji. Kwa hiyo matriki za namba kamili zina kivuli: badilisha kila shufwa kuwa 0 na kila witiri kuwa 1, na hesabu itaendelea vizuri, ukikumbuka tu kwamba 1 na 1 sasa ni 0.

Si kila matriki ya namba kamili inakwama hivyo. Chukua moja yenye 6 na 10 juu, 15 na 0 chini. Hakuna 1 ndani yake, na namba zozote mbili kati ya 6, 10 na 15 zina kigawo cha pamoja. Lakini kwa kukata na kuhamisha, 6, 10 na 15 zote zinaweza kuletwa kwenye kona moja, na hapo 6 + 10 − 15 ni 1. E11 imepatikana, na ringi nzima inafuata. Mwishowe, kinachoamua ni kigawo kikubwa cha shirika cha namba zote za matriki. Kila ideali ya pande mbili katika matriki za namba kamili ni kundi la matriki ambazo namba zake zote ni mafungu ya namba fulani m. Ideali za matriki zinaiga ideali za namba zilizomo ndani yake, moja kwa moja. Uga hauna ideali yoyote katikati, kwa sababu ya kugawanya, na kwa hiyo matriki zake hazina pia.

Sasa angalia kile kivuli cha shufwa na witiri chenyewe. Kimetupa matriki za mbili kwa mbili ambazo ndani yake kuna 0 na 1 tu. Namba hizo mbili, kwa hesabu ya 1 + 1 = 0, ni uga, mdogo kuliko nyuga zote. Matriki zake ni 16 tu, nafasi nne zenye chaguo mbili kila moja. Moja ni sifuri. Sita zina kinyume. Tisa zilizobaki zina cheo 1. Kwa uthibitisho wetu, yoyote kati ya zile tisa inatosha kuzaa zote 16 ikizidishwa pande zote mbili na kujumlishwa. Ukizidisha upande wa kushoto tu, mambo ni tofauti kabisa: zile tisa zinajigawa katika makundi matatu ya matatu, na kila kundi likiungana na sifuri linakuwa ideali ya kushoto yenye wanachama wanne. Upande wa kulia kuna tatu nyingine. Msomaji mwenye jioni moja na karatasi anaweza kuyahakiki yote haya kwa mkono.

Wanafunzi wengi wakisikia kwamba ringi ni sahili huchukulia kuwa kila kitu kisicho sifuri ndani yake kina kinyume, kama ilivyo kwenye uga. Sivyo, na zile tisa ndizo ushahidi. Kuna hata matriki isiyo sifuri ambayo ukiizidisha kwa nafsi yake unapata sifuri: E12 × E12. Usahili hausemi kuwa kila mmoja anaweza kurudi kwenye 1 kwa kuzidishwa mara moja. Unasema kwamba kila mmoja anaweza kufikishwa kwenye 1 kwa jumla ya mazao kadhaa, yakiwa yamezidishwa kutoka pande mbili. A yetu ya mwanzo ilihitaji mazao mawili. Kwa kuwa cheo chake ni 1 na cheo cha utambulisho ni 2, zao moja lisingetosha.

Uthibitisho pia unaonyesha wapi utavunjika ukipunguziwa vifaa. Tuseme tunaruhusu tu matriki za pembetatu, ambazo kona ya chini kushoto ni sifuri daima. Hizi nazo zinajumlishwa na kuzidishwa bila kutoka nje, na utambulisho umo. Lakini E21 haimo, na bila E21 hakuna njia ya kuishusha namba kutoka safumlalo ya kwanza hadi ya pili. Anza na E12 na utabaki na mafungu ya E12 peke yake, uzidishe upande wowote. Hayo mafungu ni ideali ya pande mbili, na kivuli chake ni namba mbili za ulalo, kila moja ikijumlishwa na kuzidishwa kivyake.

Kuvunjika kwa pili ni kwa ndani zaidi. Fikiria matriki zenye safumlalo na safuwima zisizo na mwisho, kwa sharti kwamba kila safuwima ina namba chache tu zisizo sifuri, ili kuzidisha kuwezekane. Kukata kunawezekana, kuhamisha kunawezekana, kugawanya kunawezekana. Tatizo liko kwenye kukusanya. Utambulisho una 1 kwenye ulalo bila kikomo, na kujumlisha hufanyika kwa idadi yenye kikomo. Ukianza na E11 unaweza kupata 1 kwenye nafasi kumi za ulalo, au milioni, lakini si zote. Matriki zenye cheo chenye kikomo, basi, zinaunda ideali ya pande mbili ambayo si sifuri na si ringi nzima. Mbali na hiyo, na zile mbili za kawaida, hakuna nyingine katika ringi hii. Cheo, ambacho kwenye matriki za kawaida hakikuweza kuzuia ideali isikue, hapa kinafanikiwa, kwa sababu tu ngazi imekuwa haina mwisho.

Limebaki swali la kinyumenyume, na jibu lake ndilo lililoifanya habari hii ya matriki kuwa nguzo ya aljebra. Tumeona kuwa matriki juu ya uga ni ringi sahili. Je, ringi sahili ni lazima ziwe za matriki? Joseph Wedderburn, Mskoti aliyezaliwa Forfar mwaka 1882, alijibu katika makala yake ya mwaka 1907 juu ya namba changamani za hali ya juu. Kama ringi ni sahili na ina vipimo vyenye kikomo juu ya uga, alionyesha, basi ni ringi ya matriki, ila namba zilizomo ndani ya matriki huenda zisitii sheria ya kubadilishana nafasi katika kuzidisha. Zinachotakiwa kuwa nacho ni kugawanya tu. Uthibitisho wetu unakubaliana naye kabisa: tulipochomoa ile 2 tulihitaji mwenzake ½, hatukuhitaji kujua kama 2 × 3 ni sawa na 3 × 2. Mfano mashuhuri wa namba za aina hiyo ni kwaternioni, ambazo William Rowan Hamilton alizigundua Dublin mwaka 1843. Mwaka 1927 Emil Artin aliipanua kazi ya Wedderburn hadi kwenye ringi ambazo haziko juu ya uga wowote, kwa sharti kwamba huwezi kushuka ngazi za ideali za upande mmoja bila kufika mwisho.

Kwa ringi zenye wanachama wanaohesabika hadi mwisho, matokeo ni makali zaidi. Miaka miwili kabla, mwaka 1905, Wedderburn alikuwa amechapisha ugunduzi kwamba mfumo wa namba wenye idadi yenye kikomo na unaoruhusu kugawanya ni uga moja kwa moja. Kubadilishana nafasi kunakuja bila kuombwa. Ukiunganisha matokeo hayo mawili, kila ringi sahili yenye kikomo na yenye 1 ni ringi ya matriki n kwa n juu ya uga wenye q wanachama, na idadi ya wanachama wake wote ni q iliyozidishwa kwa nafsi yake mara n × n. Kwa hiyo ringi sahili zenye wanachama 16 ni mbili tu. Moja ni uga wenye wanachama 16, ambapo n ni 1. Nyingine ni zile matriki 16 za 0 na 1.